Kuhesabu Mali ya Duka: Mwisho wa Mwezi au Kila Siku?

Huenda unaye mwana au mpwa aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, naye amefungua kiduka huko Buguruni, karibu na soko, kwa fedha uliyoipata kwa kuuza mahindi au ng'ombe. Wewe umebaki kijijini, yeye yuko kaunta. Mwezi ukiisha faida haionekani, nawe unaanza kujiuliza: je, kijana ananiibia? Kabla hujamtupia neno zito namna hiyo, yakupasa kujua jinsi mali ya duka lake inavyohesabiwa, kwa maana ziko njia mbili, na mojawapo haiwezi kabisa kukujibu swali hilo.

Njia ya kwanza ni kuhesabu kwa vipindi. Siku zote za mwezi muuzaji huandika fedha zilizoingia na mali aliyonunua tu. Siku ya mwisho, duka likiisha kufungwa, huhesabu kila kitu kilichomo na kukipa bei aliyokinunulia, siyo bei ya kuuzia. Kisha huchukua mali ya mwanzo wa mwezi, huongeza manunuzi, na hutoa mali iliyobaki. Jibu ni gharama ya mali iliyotoka.

Tuchukue mfano. Duka lilianza mwezi na mali ya shilingi 2,000,000. Ikanunuliwa mali nyingine ya shilingi 3,000,000. Mwisho wa mwezi ikahesabiwa mali ya shilingi 1,400,000. Basi mali iliyotoka ni ya shilingi 3,600,000. Mauzo yalikuwa shilingi 3,850,000, kwa hiyo faida, kabla ya kulipa pango na umeme, ni shilingi 250,000.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini angalia neno "iliyotoka". Sabuni iliyouzwa imetoka, sabuni iliyoibwa imetoka, na unga ulioliwa na panya umetoka vilevile. Njia hii huvitia vyote katika kapu moja na kuviita mauzo. Ikiwa duka huongeza shilingi 10 juu ya kila shilingi 100 ya kununulia, mali ya shilingi 3,600,000 ingeleta shilingi 3,960,000. Zimepungua shilingi 110,000. Sasa wajua kwamba kuna upungufu, lakini hujui ni wa kitu gani, wala wa siku ipi, wala sababu yake. Kumshitaki mtu kwa hesabu hiyo ni kubahatisha.

Njia ya pili ni kuhesabu mfululizo. Kila bidhaa ina kadi yake au ukurasa wake katika daftari. Ikiingia dukani, inaandikwa; ikiuzwa, inaandikwa saa ileile; na safu ya mwisho yaonyesha kila wakati ni kiasi gani kinachopaswa kuwapo. Baada ya hapo watu huhesabu mali yenyewe. Kadi yasema kinachopaswa kuwapo, macho yasema kilichopo, na tofauti ya hivyo viwili ndiyo hasara.

Tuseme mwezi uliofuata kijana yule alianza kadi ya sukari. Mwezi ulianza bila sukari, ikaingia mifuko 4 ya kilo 50, yaani kilo 200. Kila alipouza alichora kijiti katika karatasi, kimoja kwa kila robo, na jioni akavijumlisha na kuvihamisha kwenye kadi. Mwisho wa mwezi mauzo yalikuwa kilo 144, basi kadi ikasema zimebaki kilo 56. Dukani umekutwa mfuko mmoja tu ambao haujafunguliwa, wa kilo 50. Zimepotea kilo 6.

Je, ni mwizi? Kwa kuwa aliandika pia siku aliyofungua kila mfuko, kadi yaweza kusema. Mifuko mitatu iliyokwisha, kila mmoja ulitoa kilo 48, haukuzidi wala haukupungua. Mwizi haibi kilo 2 sawasawa katika kila mfuko. Upungufu unaofuata mfuko hutoka kwenye kipimo: akizidisha gramu 10 tu kwa kila robo, ni gramu 40 kwa kilo, karibu kilo 2 kwa mfuko mzima. Au pengine mifuko yenyewe hufika pungufu kutoka kwa muuzaji wa jumla. Dawa ni kupima mfuko mbele ya aliyeuleta, na kuikagua mizani.

Sabuni ya mche ni jambo lingine. Mche haumwagiki wala haupungui kwenye mizani. Kadi ikisema 18 na rafu ikawa na 14, basi minne imechukuliwa bila kuandikwa. Huenda mteja alikopeshwa, huenda ilipelekwa nyumbani kufulia, huenda imeibwa. Ikiwa sabuni huhesabiwa kila jioni, utauliza siku ileile, na watu bado watakumbuka. Ukingoja mwezi uishe, kila mmoja atasema hajui.

Lakini jihadhari na kosa moja lionekanalo dogo. Wauzaji wengi, kwa uvivu wa kuandika kila uuzaji, hungoja jioni, wakahesabu kilichobaki, kisha wakaandika, "Vilivyopungua vyote vimeuzwa." Hapo kadi na rafu zitapatana siku zote, hata kama nusu ya mali imeibwa. Hiyo ni njia ya kwanza iliyovaa nguo ya njia ya pili. Mauzo yaandikwe kutokana na mauzo yenyewe, siyo kutokana na mabaki.

Basi ipi yafaa duka dogo? Maduka makubwa yaliweza kufuata njia ya pili kwa kila kitu baada ya kupata mashine zinazosoma mistari iliyochapwa kwenye pakiti. Bidhaa ya kwanza kusomwa hivyo katika duka la vyakula ilikuwa pakiti ya chingamu huko Ohio, Marekani, mwaka 1974. Kiduka kisicho na mashine hakiwezi kuandikia kadi kila kiberiti, kila pipi na kila kipande cha chumvi. Wateja wangechoka kusimama, na muuzaji angeacha kuandika baada ya juma moja. Kadi iliyoandikwa nusunusu ni mbaya kuliko kukosa kadi, maana huwatia watu hatiani bure.

Kwa hiyo, ikiwa mwenye duka ndiye anayeuza mwenyewe, kuhesabu mwisho wa kila mwezi kwamtosha kwa vitu vingi. Lakini ikiwa anayeuza ni mwingine, zichaguliwe bidhaa chache zinazobeba fedha nyingi, kama sukari, mchele, mafuta ya kula na sabuni, ziwekewe kadi. Vidogo vilivyosalia vihesabiwe mwisho wa mwezi. Anayehesabu asiwe peke yake yule anayeandika kadi. Kilichokopeshwa kiandikwe kuwa kimeuzwa, pamoja na jina la mdaiwa. Na kinacholiwa nyumbani kiandikwe kwa bei ya kununulia.

Ukienda Buguruni safari ijayo, usianze kwa kuuliza fedha ziko wapi. Omba kadi ya sukari, kisha mwende pamoja kwenye mizani.