Tamasha Limefutwa, Pesa Zirudi

Machi 2020, korona ilipozima majukwaa, wateja wa StubHub, soko la kuuziana tiketi nchini Marekani, walipata habari chungu. Waliponunua, waliahidiwa kurudishiwa pesa zote onyesho likifutwa. Sasa waliambiwa wachukue vocha ya asilimia 120 kwa matamasha ya baadaye. Wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa waliingilia kati, na mwaka 2021 kampuni ikakubali kurudisha pesa.

Masharti ya siku ya malipo ndiyo yaliyowapa wateja nguvu.

Anayepewa tarehe mpya tu asome kwanza tangazo la mwandaaji. Likisema tamasha limeahirishwa, muuzaji mara nyingi ana pa kujikingia, kwa kuwa tiketi ileile itatumika. Likisema limefutwa, tarehe mpya ni tamasha jingine. Mnunuzi alikatae kwa maandishi na kudai pesa zake, huku akihifadhi nakala ya tangazo na risiti.

Akinyimwa, na alilipa kwa kadi, aende benki iliyompa kadi kupinga malipo. Kwa Visa, muda kwa kawaida ni siku 120 tangu tarehe ya onyesho lililotarajiwa. Hapo ndipo wengi huumia: muuzaji huwabembeleza wasubiri hadi siku ziishe.