Usiiache Pombe Ghafla

Ndugu yangu,

Juzi uliondoka na karatasi ya majibu umeikunja mfukoni, nami kwa foleni iliyokuwa mlangoni sikukueleza vya kutosha. Soma barua hii ukiwa umetulia, na shemeji naye aisome.

Nilizungushia kalamu mistari mitatu: AST 148, ALT 61, GGT 310. Hivyo ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya chembe za ini. Chembe ikiumia, huvivujisha kwenye damu. AST na ALT kwa kawaida huishia kwenye 40 hivi. Lakini kilichonifanya nikuulize habari za bia kabla hujasema lolote ni kwamba AST yako imeizidi ALT zaidi ya mara mbili. Ini lililojaa mafuta kwa sababu ya unene mara nyingi huonyesha kinyume chake. Tena chembe zako nyekundu za damu zimevimba kidogo, na pombe huzifanya hivyo taratibu, kwa miezi.

Chupa nne za nusu lita kila jioni, bia ya asilimia 5, ni kama gramu 80 za kilevi kitupu. Ni nyingi mno.

Bilirubini na albumini ziko sawa, maana yake ini bado linafanya kazi yake. Ila sitakudanganya: vimeng'enya havionyeshi kama ini limeshaota makovu. Wapo wenye ini lililosinyaa ambao vimeng'enya vyao husomeka vizuri tu. Ndiyo maana nataka ultrasaundi, pamoja na kipimo cha homa ya ini B na C.

Sasa kuacha. Uliniambia ukiamka mikono hutetemeka mpaka uzimue. Basi usithubutu kukata pombe mara moja ukiwa peke yako nyumbani. Ubongo uliokwisha kuizoea, ukinyimwa ghafla, unaweza kukuletea degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Watu hufa kwa hilo. Tutakulaza siku chache, tukupe vitamini B1 na dawa za kutuliza, tukizipunguza kidogo kidogo. Mpaka Jumatatu usiongeze kinywaji, wala usikikate. Ukianza kuchanganyikiwa, kutapika damu au macho kuwa ya manjano, usiningoje. Nenda hospitali usiku huohuo.

Ukiumwa kichwa, paracetamol za miligramu 500 zisizidi vidonge vinne kwa siku. Na ile dawa ya mizizi ya kusafisha ini, iache, uniletee chupa niione.

Baada ya wiki sita bila pombe tutarudia damu. GGT hupungua karibu nusu kila wiki mbili au tatu, kwa hiyo ukinywa kwa siri, huenda yenyewe ikaniambia.

Jumatatu njoo saa mbili asubuhi, hujala kitu, kwa ajili ya ultrasaundi. Uje na shemeji.

Daktari wako