Maneno ya Dakika Tano Katika Kipindi cha Dakika Arobaini

Mwalimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha amepangiwa darasa la tano, somo la sayansi, mada ya mbu na malaria. Ameandaa maelezo yake vizuri. Malaria huenezwa na mbu jike wa aina ya Anofelesi. Mbu huyo hutaga mayai majini. Mayai huanguliwa kuwa viluwiluwi, viluwiluwi huwa pupa, na pupa hutoa mbu mwenye mabawa. Tukiharibu mazalia kabla mbu hajaruka, malaria hupungua. Akiyasoma kwa sauti usiku, yanamalizika kwa dakika 5. Kipindi cha kesho ni cha dakika 40.

Wengi hapo huongeza maneno. Wanatafuta aina za vimelea, historia ya kwinini, dalili za ugonjwa, dawa za kuua wadudu. Wengine huziba pengo kwa nukuu: wanaandika ubao mzima, watoto wananakili hadi kengele ilie. Njia zote mbili zinajaza muda, lakini mwisho wa kipindi mtoto hawezi kufanya chochote ambacho hakukiweza mwanzoni.

Kwa kweli yale maelezo ya dakika 5 yanatosha. Hayahitaji kurefushwa. Yanahitaji kukatwa vipande vitatu, na kila kipande kifuatwe na kazi ambayo mtoto hawezi kuifanya bila kukitumia. Kwa hiyo kabla ya kutafuta shughuli yoyote, mwalimu ajiulize: nikitoka darasani, wanafunzi hawa wawe wanaweza kufanya nini? Kwa mada hii jibu zuri ni moja: waweze kutazama maji yaliyotuama, waseme kama mbu wa malaria anazaliana humo, na waseme lazima yashughulikiwe ndani ya siku ngapi. Lisilosaidia hilo, kama historia ya kwinini, libaki kwa kipindi kingine.

Kipande cha kwanza kinachukua dakika 2 tu: mbu hutaga majini, na si mbu wote hutaga maji ya aina moja. Baada ya hapo watoto wapewe cha kutazama. Siku moja kabla, mwalimu achote maji yenye viluwiluwi kutoka sehemu mbili. Ya kwanza iwe dimbwi la maji masafi yanayopigwa jua, mfano shimo lililoachwa na wafyatua matofali au ukingo wa jaruba la mpunga. Ya pili iwe mtaro wa maji machafu. Ayatie kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, nusu chupa, na mdomo aufunike kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira. Chandarua hicho si pambo: pupa aliyekomaa anaweza kutoa mbu usiku huohuo.

Tuseme darasa lina watoto 60. Makundi 10 ya watoto sita sita yanatosha, na chupa 10 zinatosha pia: tano za dimbwi, tano za mtaro. Kila kundi linatazama chupa moja kwa dakika 5, kisha linabadilishana na kundi la jirani. Kazi iwe moja na iwe wazi: chora jinsi kiluwiluwi anavyokaa anapopumzika juu ya maji.

Hapa ndipo mtoto anapoona kitu ambacho maelezo hayakuweza kumpa. Kiluwiluwi wa Anofelesi hulala bapa, mwili wote ukiwa sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Kiluwiluwi wa mbu wa mtaroni, yule wa jamii ya Kuleksi, huning'inia kichwa chini, huku akichomoza mrija wa kupumulia ulio mkiani. Mtoto akigonga chupa kwa ukucha, viluwiluwi wote huzama kwa kujinyonganyonga, kisha baada ya muda mfupi hurudi juu. Yuko atakayeuliza kwa nini wanarudi. Mwalimu asijibu papo hapo. Swali hilo ndilo mlango wa kipande cha pili.

Kabla ya kuingia humo, darasa linyamaze kwa dakika 2. Utulivu huu umepangwa, umeandikwa kwenye andalio la somo, na una kazi yake: kila mtoto, peke yake, anaandika sentensi moja inayoeleza tofauti aliyoiona kati ya chupa mbili. Mwalimu naye anyamaze kabisa. Asiongeze maelekezo, asifute ubao kwa kishindo, ila apite akisoma madaftari. Akikuta wengi wameandika "moja ni chafu, nyingine ni safi," amejua kwamba walitazama maji na hawakutazama wadudu. Arudishe chupa mbili mbele kwa dakika moja kabla ya kuendelea.

Kuna utulivu mwingine ulio mfupi zaidi, unaofuata kila swali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu kwa wastani walingoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha wakataja jina la mwingine au wakajibu wenyewe. Walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliozoea kukaa kimya walianza kuchangia. Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Njia rahisi ni kutangaza mapema: "Nitauliza, hakuna mkono kunyooshwa mpaka nihesabu hadi tano moyoni." Bila kanuni hiyo, wale watatu wa dawati la mbele hujibu kila kitu. Na swali la "Mmeelewa?" lifutwe kabisa, kwa kuwa jibu lake linajulikana kabla halijaulizwa: "Ndiyooo, mwalimu!"

Kipande cha pili cha maelezo nacho ni dakika 2. Viluwiluwi hurudi juu kwa sababu huvuta hewa. Wakishakomaa huwa pupa, anayejikunja na ambaye hali chochote, kisha mbu huruka. Katika joto la nchi zetu safari yote kutoka yai hadi mbu huchukua kwa kawaida siku 10 hadi 14, na joto likizidi inaweza kufupika hadi karibu siku 7. Sasa mwalimu aandike ubaoni mfano mmoja: yai siku 2, kiluwiluwi siku 7, pupa siku 2. Mbu ametaga usiku wa tarehe 1. Watoto, wawili wawili, wachore kalenda na wajibu maswali matatu. Mbu ataruka tarehe ngapi? Dimbwi likifukiwa tarehe 8, tumeua nini? Na kijiji kinachofukia madimbwi kila baada ya wiki mbili kinapata faida gani?

Mayai yanaanguliwa tarehe 3, pupa anatokea tarehe 10, mbu anaruka tarehe 12. Tarehe 8 kulikuwa na viluwiluwi tu, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeponyoka. Anayengoja wiki mbili anafika tarehe 15, siku tatu baada ya mbu kuondoka. Watoto waliotafuta tarehe hizo wenyewe hawahitaji kuambiwa kwamba usafi wa mazingira ufanywe kila wiki. Wengine watauliza itakuwaje joto likiwa kali na siku zikipungua hadi 7. Jibu la kweli ni kwamba hapo hata wiki moja inabana, na ndiyo maana chandarua hakiachwi.

Kipande cha tatu ni dakika 1: mbu wa malaria hupendelea maji masafi yaliyo wazi. Kisha mwalimu awape sehemu tatu za kuchagua, yaani shimo la matofali lililojaa mvua, tairi kuukuu nyuma ya nyumba, na shimo la choo. Tuna nguvu ya kushughulikia moja leo, na lengo ni malaria: tuanze na ipi? Wengi watasema choo, kwa sababu wamezoea kuambiwa uchafu huleta malaria. Walioangalia chupa vizuri watasema shimo la matofali. Tairi nalo lina mbu wake, wa jamii ya Aedesi, anayeeneza homa ya dengi, kwa hiyo halisahauliwi, ila si jibu la swali hili. Mabishano ya hapa ndiyo yanayoonyesha kama somo limeingia.

Dakika 3 za mwisho zisiguswe na kitu chochote. Kila mtoto aandike jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi na akiache mezani anapotoka: "Dimbwi karibu na kwenu lijazwe udongo kabla ya siku ngapi, na kwa nini?" Akisoma karatasi hizo mwalimu anajua kesho aanzie wapi. Chupa zimwagwe juu ya ardhi kavu, mbali na maji, na mikono inawe.

Kinachoharibu kipindi cha namna hii mara nyingi ni mambo madogo. Kugawa chupa kunaweza kula dakika 5 usipoteua mtoto mmoja wa kila kundi kufuata chupa. Maelekezo yakitolewa chupa zikiwa tayari mikononi, hakuna anayesikia. Yatolewe kwanza, mtoto mmoja ayarudie, ndipo chupa ziende. Michoro yote ikifanana na uliochorwa ubaoni, watoto wamenakili, hawakutazama. Kwa hiyo mwalimu asichore chochote kabla yao. Na kiangazi, dimbwi likiwa limekauka, picha mbili kubwa kwenye karatasi ya manila zitafaa, ingawa swali la kwa nini wanarudi juu itabidi mwalimu alilete mwenyewe.

Andalio la somo liandikwe kwa saa halisi. Kipindi kikianza saa 2:40 asubuhi, ubavuni pa kila hatua kuwe na saa yake: chupa mezani 2:46, zibadilishwe 2:51, utulivu 2:56, kalenda 3:03, sehemu tatu 3:11, karatasi 3:17, kengele 3:20. Mwalimu anayeandika "dakika 10" pekee hana namna ya kujua amechelewa mpaka kengele imwambie. Na akigundua amechelewa, akate ile kazi ya sehemu tatu na kuifanya iwe utangulizi wa kipindi kijacho. Utulivu wa saa 2:56 na karatasi za saa 3:17 zibaki, kwa kuwa hapo ndipo watoto 60 wote hufikiri kwa wakati mmoja, kila mtu na kalamu yake.