Lubumbashi: Kengele ya moshi inalia kila mama akipika bukari, shida iko wapi?

Katika nyumba moja ya tarafa ya Kampemba, mjini Lubumbashi, kengele ya moshi ilikaa juma tatu tu. Kila mara sufuria ya bukari ilipochemka, ililia. Siku ya mwisho baba wa nyumba alipanda kwenye kiti, akatoa batri na kuiweka ndani ya redio. Kifaa kilibaki kwenye plafo, kizima, na watu waliendelea kulala chini yake wakiamini kinawalinda.

Tulifika pale na fundi wa umeme. Hakufungua kifaa. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na kupima: kengele ilikuwa kwenye kulwari, mita 1 tu kutoka mlango huo. Mvuke unapotoka kwenye sufuria hupanda mpaka plafo, hutambaa chini yake na kutokea juu ya mlango. Kitu cha kwanza ulichokutana nacho hapo ni kengele.

Kengele hiyo ni ya mwangaza: ndani yake kuna taa ndogo na jicho ambalo halioni taa hiyo moja kwa moja. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwangaza, jicho linauona, kengele inalia. Matone madogo ya mvuke yanafanya kazi ileile, na kifaa hakina njia ya kuyatofautisha na moshi. Kuna aina nyingine, ya iyoni, ambayo ni nyepesi zaidi kushtuka na mafuta ya kukaangia yakipata moto sana. Basi angalia saa inayolia. Ikilia unapofunua sufuria au mtu akitoka kuoga maji ya moto, ni mvuke. Ikilia samaki wakiwa kwenye kikaango, ni moshi wa mafuta.

Dawa ilikuwa kuihamisha. Inashauriwa kengele ikae mita 3 au zaidi kutoka mahali pa kupikia. Fundi aliipeleka mwisho wa kulwari, mita 4 na nusu kutoka jiko, mbele ya milango ya vyumba viwili vya kulala. Aliiweka katikati ya plafo, kwa sababu kwenye kona hewa hutulia na moshi unaweza kuchelewa kufika. Penye nafasi, weka nyingine ndani ya kila chumba cha kulala. Jikoni kwenyewe usiweke ya moshi. Kuna kengele za joto, ambazo nyingi hulia joto likifika karibu digrii 58, na mvuke wa bukari hauzishtui.

Nyumba isiyo na plafo ina shida yake. Mabati yakipigwa na jua, hewa ya moto hukaa chini yake, na moshi mwepesi unaweza kusimama kabla ya kufika juu. Huko ni afadhali kuifunga kwenye ukuta wa ndani, si ule wa nje.

Tena, wengi wetu tunapika kwa mbabula umeme ukikatika. Ikiwa mbabula inawashwa kwenye kulwari, hakuna mahali pa kengele patakaposaidia, iwashwe nje. Na makala yakishika vizuri hayatoi moshi mwingi, lakini yanatoa gesi ya kaboni monoksidi inayoua. Kengele ya moshi haiisikii gesi hiyo.

Kengele ya nyumba hii inakula umeme wa waya na ina batri ya akiba. Kwa mji wenye kukatiwa umeme, batri hiyo si pambo. Kuipima, fundi alifanya hivi: alibonyeza kitufe cha majaribio mpaka ikalia, kisha akazima swichi kubwa karibu na konta. Taa ya kijani ikazimika. Akabonyeza tena. Kimya. Batri ilikuwa bado ndani ya redio! Iliporudishwa, mpya, ililia bila umeme. Kisha mama akaingia chumbani, akafunga mlango, na jaribio likarudiwa ili kujua kama aliyelala atasikia.

Jaribio hilo lifanywe kila mwezi. Kitufe kinapima sauti na umeme wa kifaa, lakini kwa nyingi hakionyeshi kama moshi unaingia. Vumbi na utando wa buibui huziba matundu, na vumbi hilo pia huleta milio ya bure. Lipanguse kwa brashi laini. Mlio mfupi mmoja kila baada ya dakika moja hivi si moto, ni batri inayokwisha.

Tazama mgongoni tarehe ya kutengenezwa. Ikizidi miaka 10, kengele ibadilishwe hata kama bado inalia. Ya Kampemba ilikuwa na miaka 6. Jioni ile bukari ilipikwa, mvuke ukajaa jikoni, na kulwari ikabaki kimya.