Kutoka chapati hadi gurudumu: Jinsi mikato inavyoifanya filamu ya uhuishaji itiririke

Asubuhi karibu na soko la Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala, mwuza roleksi anaizungusha chapati juu ya kikaango kwa ncha za vidole. Mwanafunzi mwenye mtihani saa tatu anasubiri chapati hiyo ikunjwe na mayai ndani yake. Kisha anadandia bodaboda kuelekea Kireka kwa Barabara ya Jinja.

Mhuishaji anayetaka kulisimulia tukio hilo kwa sekunde 20 ana picha nne tu za kuunganisha: kibanda kikionekana kwa mbali, chapati kwa karibu, gurudumu la pikipiki, na mwanafunzi akiwa safarini. Kila mchoro peke yake waweza kuwa mzuri, lakini picha hizo zikiunganishwa mtazamaji akahisi kwamba filamu inarukaruka. Mara nyingi kasoro hiyo haimo katika michoro bali katika mikato, yaani mahali ambapo picha moja inakoma na nyingine inaanza.

Kwa waandaaji wa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu kazi zao sasa zinatazamwa mbali na nyumbani. Mwongozaji wa Uganda Raymond Malinga, aliyetengeneza filamu fupi ya A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, aliongoza pia Herderboy, moja ya filamu 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney+ mwezi Julai 2023. Katika filamu fupi za namna hiyo kila sekunde huhesabiwa, na mkato mmoja mbaya hauna mahali pa kujificha.

Mkato huja kabla ya mchoro

Mhariri wa filamu ya waigizaji hupokea picha nyingi za tukio lile lile, zilizopigwa kutoka pembe mbalimbali, naye huchagua. Mhariri wa uhuishaji hana ziada hiyo. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na hata pale ambapo kila mchoro hushikiliwa kwa fremu mbili, picha ya sekunde tatu hudai michoro 36. Hakuna studio inayochora pembe tatu za tukio moja ili mbili zitupwe.

Ndiyo maana uhariri hufanyika mwanzoni. Michoro ya awali ya penseli hupangwa kwa mfuatano, kila mmoja ukapewa muda wake, na sauti za muda zikawekwa juu yake. Rasimu hiyo inayotembea, iitwayo animatiki, hutazamwa na kukatwa upya mara nyingi kadiri inavyohitajika, kwa kuwa kusogeza mkato humo hakugharimu chochote. Mkato ukishakubalika, ndipo uchoraji kamili huanza. Wahuishaji waangalifu huongeza fremu chache, pengine nane, mwanzoni na mwishoni mwa kila picha, ili mhariri apate nafasi ya kusogeza mkato kidogo baadaye.

Mkono unaovuka mkato

Mkato wa kwanza katika mfano wetu unatoka kwenye kibanda kinachoonekana kwa mbali hadi kwenye chapati iliyo karibu. Anayeanza kazi hii hungoja mkono wa mwuzaji ufike kikaangoni na kutulia, kisha hukata. Matokeo yake ni vituo viwili: mwendo unakufa, picha inabadilika, mwendo unazaliwa upya. Dawa ni kukata wakati mkono ukiwa bado njiani. Jicho la mtazamaji huwa linaufuata mkono, na huvuka mkato pamoja nao bila kuuona.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Iwapo mkono umefika katikati ya safari yake kwenye fremu ya mwisho ya picha ya kwanza, hesabu ingedai kwamba picha ya pili ianze na fremu inayofuata hasa. Lakini jicho huhitaji muda mfupi sana kuupata tena mkono huo katika picha mpya, na katika muda huo fremu mbili au tatu hupita bila kuonekana vizuri. Mwendo uliounganishwa kwa usahihi wa hesabu basi huonekana kana kwamba umeruka mbele. Kwa hiyo wahariri wengi huirudisha picha ya pili nyuma kwa fremu mbili au tatu, ili kipande kidogo cha mwendo kionekane mara mbili. Kwenye karatasi ni kosa, ila kwenye skrini ndiyo laini.

Sharti jingine ni kwamba picha mbili zitofautiane vya kutosha. Katika uhuishaji wa kompyuta kishawishi kikubwa ni kuuchukua mchoro ule ule na kuukuza kwa theluthi moja, kisha kuuita picha ya karibu. Mandhari ni yale yale na pembe ni ile ile, hivyo mtazamaji haoni picha mpya bali anaona vitu vikishtuka mahali vilipo. Desturi ya sinema ni kuigeuza kamera angalau nyuzi 30 au kubadili ukubwa wa picha kwa kiasi kisicho na shaka. Kwenye kibanda chetu, kamera inaacha kutazama kutoka barabarani na kupanda juu ya kikaango ikitazama chini.

Chapati inapogeuka gurudumu

Mkato wa pili ndio wenye utamu. Chapati inazunguka, kisha ghafla kilicho mbele ya mtazamaji ni gurudumu linalozunguka. Huu ni mkato wa mfanano, ambao huunganisha vitu viwili tofauti kwa umbo au mwendo wao. Mfano wake mashuhuri umo katika filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, ambamo mfupa uliorushwa hewani unafuatwa na chombo kinachoelea angani. Katika uhuishaji, Mjapani Satoshi Kon aliujengea filamu nzima, Millennium Actress ya mwaka 2001, ambamo mwigizaji anakimbia kutoka zama moja hadi nyingine bila hatua zake kukatika.

Kufanana kwa duara na duara hakutoshi. Kitovu cha chapati na kitovu cha gurudumu vinapaswa kukaa mahali pamoja kwenye skrini, na upana wa maduara uwe karibu sawa. Wanaochora hulihakikisha hilo kwa kuiweka fremu ya mwisho ya picha moja juu ya fremu ya kwanza ya nyingine, moja ikiwa nusu angavu.

Kisha huja mwelekeo. Gurudumu la pikipiki inayokwenda kulia huzunguka kama mishale ya saa, na la inayokwenda kushoto huzunguka kinyume. Hivyo vidole vya mwuzaji ndivyo vinavyoamua bodaboda itaelekea upande gani wa skrini. Akiizungusha chapati kinyume na mishale ya saa ilhali pikipiki inakwenda kulia, mwendo hugonga ukuta katikati ya mkato.

Kasi nayo ina hesabu yake. Tuseme chapati inageuka robo duara kwa fremu sita, yaani nyuzi 15 kwa kila fremu, ambayo ni mzunguko mmoja kamili kwa sekunde. Gurudumu la pikipiki ya kawaida husafiri chini kidogo ya mita mbili kwa kila mzunguko, hivyo kasi hiyo ni takriban kilomita saba kwa saa. Bodaboda iliyo katika mwendo wa kawaida haiwezi basi kufanana na chapati hiyo. Njia rahisi ni kuichora ikiwa ndiyo kwanza inang'oa nanga, kisha iongeze kasi baada ya mkato.

Kuna mtego zaidi. Gurudumu lenye waya 36 lina nafasi ya nyuzi 10 kati ya waya na waya. Likigeuzwa nyuzi 15 kwa fremu, kila waya huangukia katikati ya nafasi ya waya nyingine, na jicho halijui kama gurudumu linakwenda mbele au linarudi nyuma. Linametameta tu. Suluhisho ni kuzififisha waya na kuweka alama moja inayofuatika, kwa mfano doa la tope kwenye tairi, mahali pale pale lilipokuwa doa jeusi la kuungua kwenye chapati.

Sauti inaweza kutangulia. Mlio wa mafuta kikaangoni ukianza kumezwa na mngurumo wa injini nusu sekunde kabla ya gurudumu kuonekana, sikio huwa limekwisha kuvuka na jicho hufuata tu.

Uzuri wa mkato huu huwapotosha baadhi ya wahuishaji, wakatamani gurudumu nalo ligeuke saa ya ukutani katika chumba cha mtihani. Ni afadhali kuacha. Mkato wa kwanza wa mfanano humfurahisha mtazamaji, lakini wa pili ndani ya sekunde 20 humfanya aanze kuusubiri wa tatu na kuisahau hadithi. Kuiyeyusha picha moja ndani ya nyingine nako kuna maana yake, yaani kwamba muda umepita, na hakufai kuwa plasta ya kufunika mkato uliokosewa. Tena kuna gharama: myeyuko wa sekunde moja hudai fremu 24 za picha zote mbili kwa pamoja, na zile nane za akiba hazitoshi.

Mwanafunzi anayerudi alikotoka

Kasoro ya mwisho haionekani kwa urahisi na aliyeichora. Gurudumu linakwenda kulia, kisha picha ya nne inamwonyesha mwanafunzi juu ya bodaboda akielekea kushoto, kwa sababu mchoraji aliihamisha kamera hadi upande wa pili wa barabara ili apate mandhari nzuri zaidi. Kijiografia hakuna kosa, kwa kuwa pikipiki bado inakwenda Kireka. Kwenye skrini, hata hivyo, imegeuza. Mtazamaji atadhani mwanafunzi amesahau kalamu sokoni.

Njia ya kuitambua kasoro hiyo ni kuitazama animatiki bila sauti, kwa kasi yake halisi, huku kidole kikifuata kwenye kioo mahali jicho linapotua. Pale kidole kinapolazimika kuruka kutoka ukingo hadi ukingo, mkato una walakini. Baada ya hapo aonyeshwe mtu asiyeijua hadithi, aulizwe swali moja tu: msichana anakwenda wapi?

Akijibu kwamba anarudi sokoni, si lazima picha ya nne ichorwe upya. Huwekwa kati yake na gurudumu picha fupi ya bodaboda ikija moja kwa moja kuelekea kamera, isiyo na kulia wala kushoto. Fremu 20 zinatosha, na zikichorwa kwa kushikilia kila mchoro fremu mbili, hiyo ni michoro 10.