Kuku, mbuzi na kababu: sindano ya kipimajoto iingie wapi?

Rangi ya nyama hudanganya. Kababu inaweza kugeuka kahawia hadi ndani kabla vijidudu havijafa. Kipimajoto cha sindano hakidanganyi, mradi kichomekwe mahali panapofaa.

Kwa kuku, choma paja upande wa ndani, kwenye mnofu mnene, bila kugusa mfupa, kwa sababu joto la mfupa si sawa na la nyama. Tuseme kidari kinasoma nyuzijoto 76 za Selsiasi na paja 68. Kuku huyo bado. Mrudishe motoni hadi paja nalo lifike 74.

Kipande kizima cha mbuzi, kama vile mguu, kinatosha kikifika 63, kisha kiache kitulie dakika 3 kabla ya kukikata. Lakini nyama ya mbuzi huyo huyo ikisagwa, inahitaji 71. Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa zaidi juu, ambako moto hufika kwanza. Mashine ya kusaga huvichanganya hadi katikati. Kwa kuwa kababu ni nyembamba, ingiza sindano kutoka ubavuni hadi ncha ifike katikati, usubiri namba itulie.

Kila ukimaliza kupima, osha sindano kwa maji moto na sabuni, usije ukahamisha vijidudu vya nyama mbichi hadi kwenye iliyoiva. Ukikishuku kipimajoto, kitumbukize kwenye glasi ya barafu nyingi na maji kidogo. Kisiposoma 0 au karibu yake, usikitegemee.