Mbio 'nyepesi' za klabu zinavyoficha mzigo mzito

Klabu nyingi za mbio hupanga wiki kwa kilomita. Tatizo ni kwamba kilomita 8 za kuongea na kilomita 8 za kuhema zinaandikwa sawa kwenye daftari, ila mwili hauzioni sawa.

Ndipo kinapoingia kipimo kiitwacho TRIMP. Toleo rahisi, la Mmarekani Sally Edwards la mwaka 1993, linagawa mapigo ya moyo katika kanda tano. Kanda ya 1 ni asilimia 50 hadi 60 ya mapigo ya juu kabisa ya mtu, ya 2 ni 60 hadi 70, na kuendelea hadi ya 5, asilimia 90 hadi 100. Dakika zilizotumika katika kanda zinazidishwa kwa namba ya kanda hiyo, kisha zote zinajumlishwa.

Mfano, mkimbiaji ambaye mapigo yake ya juu ni 190 kwa dakika. Kanda yake ya 2 ni mapigo 114 hadi 133, na ya 4 ni 152 hadi 171.

Ratiba yake ya wiki:

- Jumanne, mbio za kasi: dakika 20 kanda ya 2, 15 ya 3, 15 ya 4 na 5 ya 5. Pointi 170.
- Jumatano, dakika 40 kanda ya 2. Pointi 80.
- Ijumaa, dakika 50 kanda ya 2. Pointi 100.
- Jumapili, mbio ndefu, dakika 100 kanda ya 2. Pointi 200.

Jumla ni 550. Sasa Jumatano na Ijumaa akaambatana na kundi lenye kasi, asitake kuachwa. Dakika ni zilezile, lakini yuko kanda ya 4. Pointi zinakuwa 160 na 200, na wiki inafika 730. Mzigo umepanda kwa karibu theluthi moja bila kuongeza hata dakika.

Dalili huonekana Jumanne inayofuata: miguu mizito, kasi ileile haitoki. Dawa si kufuta mbio za kasi, ni kurudisha siku nyepesi kanda ya 2, hata kama ni kutembea mlimani.

Hesabu hii ina mipaka. Kanuni ya 220 kutoa umri inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, na kanda zote zikahama nayo. Jua kali hupandisha mapigo kwa kasi ileile. Kwenye mbio za sekunde 30, moyo huchelewa kupanda, hivyo pointi hutoka chache kuliko kazi iliyofanyika. Na saa ya mkononi iliyolegea huweza kuhesabu hatua badala ya mapigo: ikisoma 170 wakati mtu anapiga stori vizuri tu, aikaze kwanza.